Asilimia moja dhidi ya mraba

Mwaka 1798 kilichapishwa jijini London kitabu kisichokuwa na jina la mwandishi. Baadaye ilijulikana kwamba aliyekiandika ni Thomas Robert Malthus, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa amesomea hisabati Cambridge. Hoja yake ilisimama juu ya mifuatano miwili ya namba. Watu wasipozuiwa na chochote, alisema, huongezeka maradufu kila baada ya miaka 25, yaani 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Chakula nacho, hata mashamba yakitunzwa vizuri kiasi gani, huongezeka kwa kiasi kilekile kila kipindi: 1, 2, 3, 4, 5. Baada ya miaka 225, palipokuwa na fungu moja la watu patakuwa na mafungu 512, na palipokuwa na fungu moja la chakula patakuwa na 10 tu.

Hoja hiyo ilizua mabishano makali juu ya umaskini, ndoa na ardhi. Lakini ndani yake mna swali la hisabati tupu, na swali hilo lina jibu lisilopingika. Tuseme Malthus alikipunja chakula. Tuseme hakiendi 1, 2, 3, 4 bali 1, 4, 9, 16, kila namba ikizidishwa kwa yenyewe. Au kinakwenda 1, 8, 27, 64. Au kwa kipeo cha kumi, ambapo hatua ya pili peke yake inatoa 1,024. Tuwadhoofishe na watu pia: badala ya kuzidishwa kwa 2 kila kipindi, wazidishwe kwa 1.01, ongezeko la asilimia moja tu. Je, chakula sasa kitabaki mbele daima?

Hakitabaki. Namba yoyote iliyozidi 1, hata kwa kiasi kidogo mno, ikizidishwa kwa yenyewe tena na tena, mwishowe huipita n mraba, n kwa kipeo cha tatu, n kwa kipeo cha mia, na mchanganyiko wowote wa vipeo hivyo, ule ambao wanahisabati huuita polinomia. Ikishaipita haishikwi tena, na pengo baina yao hupanuka bila kikomo. Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa zana za sekondari, kwa kufungua mabano na kuhesabu kwa uangalifu.

Inafaa kwanza kuziangalia namba zenyewe, kwa sababu mwanzoni zinaonyesha kinyume kabisa. Tuchukue 1.01^n upande mmoja na n^2 upande wa pili. Pale n ikiwa 1, ya kwanza inaongoza kwa unywele, 1.01 kwa 1. Hatua ya pili tu mambo yamegeuka, maana 1.01^2 ni 1.0201 na 2^2 ni 4. Kwenye n = 100, upande wa kwanza haujafika hata 3, ilhali wa pili ni 10,000. Kwenye n = 500 ni takriban 145 dhidi ya 250,000. Kwenye n = 1,000 ni kama 20,959 dhidi ya milioni moja. Mtu aliyejaribu namba elfu moja mfululizo na kukuta n^2 inaongoza karibu zote angekuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mashindano yamekwisha.

Ila kuna dalili ambayo mtu huyo angeiona kama angetazama mwendo badala ya nafasi. Upande wa 1.01^n huongezeka kwa asilimia moja kila hatua, bila kupungua. Upande wa n^2 huongezeka kwa asilimia inayozidi kushuka: kutoka 10 kwenda 11 mraba hupanda kwa asilimia 21, lakini kutoka 100 kwenda 101 hupanda kwa asilimia 2 na kidogo. Mahali fulani asilimia hiyo lazima ishuke chini ya moja, na mahali penyewe ni n = 201. Hapo ndipo n^2 iko mbele kupita kiasi, zaidi ya mara 5,400 ya mwenzake. Kuanzia hapo pengo linaliwa kidogo kidogo. Kwenye n = 1,465 mraba bado unaongoza, takriban 2,146,000 dhidi ya 2,142,000. Kwenye n = 1,466 umeshapitwa. Hatua chache mbele, kwenye n = 2,000, ni milioni 4 dhidi ya takriban milioni 439.

Namba hizo zinaridhisha macho, lakini hazijathibitisha kitu kwa 1.001 dhidi ya n^5, wala kwa jozi nyingine yoyote. Kinachotakiwa ni hoja moja inayozishika jozi zote.

Hoja hiyo inaanza kwa kuandika 1.01 kama 1 + 0.01. Namba yoyote iliyozidi 1 inaweza kuandikwa hivyo, 1 + h, ambapo h ni kile kilichozidi. Kuzidisha 1.01 kwa yenyewe mara n basi ni kuzidisha mabano n yaliyo sawasawa, kila moja likiwa na 1 na h ndani yake. Tuanze na mabano matatu: (1 + h)(1 + h)(1 + h). Kuyafungua maana yake ni kwenda bano kwa bano, kuchagua ama 1 ama h, kuzidisha ulichochagua, kisha kujumlisha matokeo ya chaguo zote zinazowezekana. Kuna njia moja ya kuchagua 1 kila mahali. Kuna njia tatu za kuchagua h mara moja tu, njia tatu za kuichagua mara mbili, na njia moja ya kuichagua mara zote. Kwa hiyo jibu ni 1 + 3h + 3h^2 + h^3.

Mabano yakiwa n, kazi ni ileile, ila njia ni nyingi zaidi. Je, ni kwa njia ngapi h inaweza kuchaguliwa mara tatu hasa? Ni sawa na kijiji chenye watu n kinachoteua kamati ya watu watatu. Wa kwanza anaweza kuwa yeyote kati ya n, wa pili yeyote kati ya n − 1 waliobaki, wa tatu yeyote kati ya n − 2. Lakini kamati ya watu walewale watatu imehesabiwa mara 6, kwa sababu watatu wanaweza kutajwa kwa mpangilio wa aina 6. Tunagawa kwa 6, na idadi ya njia inakuwa n(n − 1)(n − 2)/6. Kwa watu wawili tungegawa kwa 2, kwa wanne tungegawa kwa 24, na kadhalika. Kigawanyo daima ni namba zote kuanzia 1 hadi ukubwa wa kamati zikizidishwa pamoja, ile inayoitwa faktoria na kuandikwa kwa alama ya mshangao, kama 3! = 6 na 4! = 24.

Upanuzi huu wa mabano, unaoitwa upanuzi wa binomia, una historia ndefu kuliko vitabu vingi vya shule vinavyoonyesha. Pembetatu ya namba inayoupanga ilijulikana kwa al-Karaji, mwanahisabati wa Baghdad wa miaka ya 1000 hivi. Kazi yake juu ya jambo hili imetufikia kupitia kitabu cha al-Samawal, aliyeishi karne ya 12. Huko China ilijulikana kwa Jia Xian katika karne ya 11. Blaise Pascal, ambaye jina lake ndilo lililoganda kwenye pembetatu hiyo Ulaya, aliiandikia risala iliyotoka mwaka 1665, baada ya kifo chake.

Sasa turudi kwenye 1.01^n na kuitazama ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Chukua n = 1,000. Kipande cha kwanza ni 1. Cha pili ni 1,000 mara 0.01, yaani 10. Cha tatu, chenye h mara mbili, ni 499,500 mara 0.0001, sawa na 49.95. Cha nne, chenye h mara tatu, ni 166,167,000 mara 0.000001, sawa na takriban 166. Vipande vinaendelea kukua kwa muda, kisha vinaanza kusinyaa, na jumla ya vyote ndiyo ile 20,959. Jambo moja kuhusu vipande hivi ndilo linalobeba uthibitisho wote: kila kimoja ni chanya. Hakuna hata kimoja kinachopunguza jumla. Kwa hiyo mtu akitupa vipande vyote na kubakiza kimoja anachokipenda, alichobakiza ni kidogo kuliko jumla, na ana uhakika wa hilo bila kuhesabu vingine.

Swali lililobaki ni kibakizwe kipi. Tukibakiza viwili vya mwanzo tu tunapata kwamba 1.01^n si chini ya 1 + 0.01n. Huo ni ukosefu wa usawa mashuhuri unaobeba jina la Jacob Bernoulli wa Basel, aliyeutumia katika andiko la mwaka 1689. Unatosha kuonyesha kwamba 1.01^n inapita namba yoyote ile, iwe milioni au bilioni, mradi n iwe kubwa ya kutosha. Hautoshi kuishinda n^2, wala hata n yenyewe, kwa sababu 0.01n ni mia moja ya n daima.

Wanafunzi wengi hukwama hatua inayofuata, na inafaa kuona kwa nini. Mtu akitaka kuishinda n^2, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kipande chenye h mara mbili, kwa sababu hicho ndicho chenye n(n − 1), kitu kinachofanana na n^2. Kipande hicho ni n(n − 1)/20,000. Ukikigawa kwa n^2 unapata namba inayokaribia 1/20,000 na kutulia hapo. Haifiki 1 hata n iende wapi. Hakuna kosa la hesabu lililofanyika. Kipande hicho ni cha kweli, ila ni kifupi mno kwa kazi hii. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: baada ya kugawa, n yote imekatika juu na chini, na kilichobaki ni namba isiyokua.

Dawa ni kupanda ngazi moja zaidi. Ukitaka kuishinda n^2, bakiza kipande chenye h mara tatu. Hapo tunapata kwamba, kwa n yoyote kuanzia 3,

1.01^n > n(n − 1)(n − 2)/6,000,000.

Ile milioni 6 imetokana na 6 ya kamati na 0.01 iliyozidishwa mara tatu. Gawa pande zote kwa n^2. Upande wa kulia unakuwa (n − 3 + 2/n)/6,000,000, ambao ni mkubwa kidogo kuliko (n − 3)/6,000,000. Safari hii n moja imesalia juu baada ya nyingine mbili kukatika. Huyo mmoja aliyesalia ndiye anayemaliza kazi: n ikiendelea kukua, mgawanyo wa 1.01^n kwa n^2 unapita namba yoyote. Kuanzia n = 6,000,003 hauwezi kuwa chini ya 1. n ikipita milioni 600 kwa 3, hauwezi kuwa chini ya 100.

Kanuni ya jumla sasa inaonekana bila kuhitaji akili mpya. Kuishinda n^k, bakiza kipande chenye h mara k + 1. Kipande hicho kina namba k + 1 zinazozidishwa, kuanzia n, kisha n − 1, hadi n − k. Ili isituchoshe kuifungua bidhaa hiyo ndefu, tunatumia mbinu moja ndogo: n ikiwa angalau mara mbili ya k, hata ile ndogo kuliko zote, n − k, haiko chini ya nusu ya n. Kwa hiyo bidhaa yote haiko chini ya n/2 ikizidishwa kwa yenyewe mara k + 1. Ukigawa kwa n^k unabaki na

(1 + h)^n / n^k > n · (h/2)^(k+1) / (k+1)!

Upande wa kulia unatisha kuutazama, lakini una sehemu mbili tu. Moja ni n. Nyingine ni namba iliyoganda, inayotegemea h na k na isiyotikisika n inapokua. Namba hiyo inaweza kuwa ndogo ajabu, yenye sifuri mamia baada ya nukta, lakini ni chanya, na namba chanya yoyote ikizidishwa kwa n inayokua bila kikomo nayo inakua bila kikomo.

Polinomia yenye vipande vingi haileti shida mpya. Chukua 5n^3 + 200n^2 + 7. Kwa n yoyote kuanzia 1, kila kipeo kidogo hakizidi n^3, kwa hiyo jumla yote haizidi 212n^3, na kuishinda 212n^3 ni kuishinda n^3 kwa zaidi ya mara 212. Tumekwisha kuona kwamba mgawanyo unapita namba yoyote, na 212 ni namba mojawapo.

Uthibitisho huu una mipaka yake, na kila mpaka unaonekana katika hatua fulani ya hoja. h lazima iwe chanya. Ikiwa h ni sifuri, namba inayozidishwa ni 1, vipande vyote baada ya cha kwanza vinatoweka, na 1 inabaki 1. Ikiwa h ni hasi, kama katika 0.99^n, vipande vinapishana alama, kimoja kikijumlisha na kinachofuata kikitoa, na ruhusa ya kutupa vipande bila kuvihesabu inafutika. Mpaka mwingine umejificha zaidi: k lazima iwekwe kwanza, kabla n haijaanza safari. Ukiiruhusu k ikue pamoja na n, kama katika n^n, ile namba tuliyosema imeganda inaanza kuyeyuka, na hoja nzima inaanguka. Na ni sawa ianguke, kwa sababu n^n huishinda 1.01^n, huishinda 2^n, na hata 1,000^n n ikishapita 1,000.

Msomaji makini atakuwa ameshangazwa na kitu kingine. Tulipopima kwa namba, 1.01^n iliipita n^2 kwenye hatua ya 1,466. Uthibitisho unaahidi ushindi kuanzia 6,000,003. Ukitumia ile kanuni ya jumla yenye n/2, ahadi inasogea hadi milioni 48. Tofauti hii si kosa. Ni gharama ya kutupa vipande. Pale n inapofika milioni kadhaa, 1.01^n ina vipande mamilioni, na sisi tumeng'ang'ania kimoja kilicho karibu na mwanzo, ambacho kwa wakati huo ni chembe isiyoonekana mbele ya vile vya katikati.

Anayetaka ahadi iliyo karibu na ukweli anaweza kubakiza kipande kingine, maana hakuna sheria inayomlazimisha kuchukua cha h mara tatu. Kwa 1.01^n, vipande vinene zaidi viko mahali ambapo h imechaguliwa karibu mara n/100. Kwenye n = 2,000 hapo ni karibu na h mara 20. Kipande hicho kimoja, chenye kamati za watu 20 kutoka 2,000 zikizidishwa kwa 0.01^20, kina thamani ya takriban milioni 39. n^2 ni milioni 4. Kipande kimoja kati ya 2,001 kimeushinda mraba karibu mara kumi, na kwa kuwa kina kipeo cha 20 cha n dhidi ya kipeo cha 2, uongozi wake unazidi kupanuka kila n inapoongezeka. Ahadi sasa inaanza 2,000 badala ya milioni 6, kwa hoja ileile. Kilichoongezeka ni uchungu wa kuhesabu. Ndiyo maana vitabu huchagua kipande cha k + 1: ni cha kwanza kinachotosha, na kinaandikika kwa mstari mmoja.

Mwanahisabati anaporidhika na milioni 6 badala ya 1,466, haoni aibu, kwa sababu alichotaka kujua ni kama ushindi utakuja. Anayejenga kitu duniani hana anasa hiyo. Kwanza, lazima ajue kama h yake inatulia. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya mwaka 2022 watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka; katika muongo uliotangulia lilikuwa asilimia 2.7. h imehama kutoka 0.027 hadi 0.032 ndani ya muongo mmoja. Kwa dunia nzima imekwenda upande mwingine: miaka ya 1960 ongezeko lilipita asilimia 2 kwa mwaka, na leo liko chini ya moja. Uthibitisho unasema kinachotokea h ikiwa ileile milele. Hausemi lolote kuhusu h inayosinyaa, na hapo ndipo hesabu ya Malthus na maisha ya watu zilipoachana njia.

Pili, lazima ajue ushindi unakuja lini, na hakuna mahali swali hili limeuma kama katika kompyuta. Njia ya kukokotoa hupimwa kwa idadi ya hatua inazohitaji tatizo linapokuwa na ukubwa n. Tangu miaka ya 1960 njia zenye hatua za polinomia zimehesabiwa kuwa zinazofaa, na zile zenye hatua kama 2^n kuwa zisizofaa, na msingi wa mgawanyo huo ni ukweli tuliouthibitisha hapa. Lakini chukua njia mbili za kubuni, moja yenye hatua 1.01^n na nyingine yenye hatua n^10. Tatizo likiwa la ukubwa 1,000, ya kwanza inamaliza kwa hatua kama 21,000. Ya pili inadai hatua zinazoandikwa kwa 1 na sifuri 30 nyuma yake, kazi ambayo hakuna kompyuta itakayoimaliza. Zinakutana mahali fulani kati ya 9,100 na 9,200. Chini ya hapo, ile iliyoitwa isiyofaa ndiyo inayofaa.

Jambo la namna hiyo limewahi kutokea kweli. Mwaka 1947 George Dantzig, akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani, alibuni njia ya simpleksi, inayotafuta mgao bora wa vitu vyenye mipaka: malori, mafuta, saa za kazi. Ilitumika viwandani kwa miaka mingi bila malalamiko. Kisha mwaka 1972 Victor Klee na George Minty waliunda tatizo lenye vitu n visivyojulikana ambalo linailazimisha njia hiyo ipite hatua 2^n − 1. Vikiwa 50 tu, kompyuta inayopiga hatua milioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 35. Mwaka 1979 Leonid Khachiyan wa Muungano wa Kisovieti akaonyesha njia nyingine kwa tatizo lilelile, inayomaliza daima ndani ya hatua za polinomia.

Kwa kipimo cha uthibitisho wetu, njia ya Khachiyan ndiyo mshindi, na kwa matatizo mabaya kabisa kama lile la Klee na Minty ushindi huo ni wa kweli. Ila matatizo ya viwandani mara chache sana hufanana na hilo. Katika hesabu za kila siku simpleksi ilimaliza haraka, na njia ya Khachiyan, pamoja na polinomia yake, ilikuwa nzito mno kutumika. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1984, Narendra Karmarkar alipoleta njia ya polinomia iliyoweza kushindana na simpleksi kwa kasi. Programu kubwa za kazi hiyo leo huja na aina zote mbili, simpleksi na njia za ukoo wa Karmarkar, na mara nyingi huziendesha sambamba juu ya tatizo moja, na kuchukua jibu la ile inayotangulia kumaliza.